Kusoma ripoti ya maabara ya maji ya kisima Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyeshika ripoti mkononi, awe mwenye ploti, mpangaji au mzazi, na hajui ni mstari gani wa kumtia wasiwasi. Pale swali moja linapogusa jingine, tumeelekeza huko badala ya kurudia.

## Kuanza kusoma

Ripoti ina mistari zaidi ya ishirini. Nianze na upi?

Anza na mitatu: bakteria E. coli, nitrati na floridi. Hiyo ndiyo inayoweza kumdhuru mtu huku maji yakiwa meupe, hayana harufu na ladha yake ni nzuri. Ugumu na TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, huandikwa juu ya ukurasa, na ndizo muuza machujio atakazokuonyesha kwanza, lakini zinahusu zaidi ladha, sabuni na vyombo kuliko afya.

Kwa Nairobi kuna sababu ya pili ya kufuata mpangilio huo. Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, katika mtaa wenye vyoo vya shimo, shida yake kubwa ni vijidudu na nitrati. Kisima kirefu cha mashine kinachofika kwenye miamba ya volkano chini ya jiji huwa na nitrati kidogo, ila mara nyingi floridi yake ni ya juu. Kwa hiyo kabla hujasoma tarakimu yoyote, jua kisima chako kina kina gani. Hilo pekee linakuambia mahali pa kutazama kwa makini zaidi.

Safu ya "kikomo" kwenye ripoti inatoka wapi?

Maabara nyingi nchini hutumia kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, KS EAS 12. Kiwango hicho kina safu mbili: moja ya maji yaliyotibiwa, yaani ya bomba, na nyingine ya maji ya asili kama ya kisima na chemchemi. Kwa TDS, safu ya kwanza inasema 700 na ya pili 1500. Kwa ugumu ni 300 na 600. Ndiyo maana maji yaleyale yanaweza kuandikwa "yamezidi" katika maabara moja na "yanafaa" katika nyingine. Tazama ni safu gani imetumika kabla ya kubishana na mtu.

Kwa vitu vinavyogusa afya moja kwa moja hakuna ulegevu wa aina hiyo. E. coli ni sifuri katika mililita 100, floridi ni 1.5 na nitrati ni 45, maji yawe ya bomba au ya kisima.

mg/L, µS/cm na CFU ni nini?

mg/L ni miligramu za kitu fulani ndani ya lita moja ya maji. Ukiona ppm, chukulia ni hiyohiyo. µS/cm ni kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme. CFU ni makundi ya bakteria yaliyohesabika baada ya kuoteshwa, kwa kawaida katika mililita 100, na maabara nyingine huandika MPN, ambayo ni makadirio ya idadi hiyo. Alama ya "<", kwa mfano <0.1, maana yake kifaa hakikuweza kuona chochote chini ya hapo. Haimaanishi sifuri kamili, ila kwa kusoma ripoti ya nyumbani unaweza kuichukulia hivyo.

Mnaweza kutuonyesha ripoti moja ikisomwa mwanzo hadi mwisho?

Hii hapa ni ripoti ya mfano. Tuseme ni ya kisima cha mita 12 huko Dagoretti, katika ploti ya nyumba za kupanga, choo cha shimo kikiwa mita 15 kutoka kisimani, upande wa juu wa mteremko.

| Kipimo | Matokeo | Kikomo kilichoandikwa |
|---|---|---|
| pH | 6.8 | 5.5–9.5 |
| Upitishaji umeme, µS/cm | 980 | 2500 |
| TDS, mg/L | 620 | 1500 |
| Ugumu kama CaCO3, mg/L | 240 | 600 |
| Kalsiamu, mg/L | 64 | 150 |
| Magnesiamu, mg/L | 19.5 | 100 |
| Alkalini kama CaCO3, mg/L | 160 | – |
| Kloridi, mg/L | 110 | 250 |
| NO3-N, mg/L | 24 | 45 |
| Floridi, mg/L | 0.8 | 1.5 |
| E. coli, CFU/100 mL | 38 | 0 |

Ukipitisha jicho haraka, utasema kila kitu kiko sawa isipokuwa E. coli, na dawa ya E. coli kila mtu anaijua: chemsha. Hapo ndipo ripoti hii inapompotosha msomaji. Mstari wa NO3-N unaonekana umepita, 24 dhidi ya 45, ilhali maji haya yana nitrati zaidi ya mara mbili ya kikomo. Jinsi hilo linavyowezekana limeelezwa katika swali linalofuata.

## Nitrati

NO3 na NO3-N zina tofauti gani?

Ni njia mbili za kuandika kitu kimoja, na tofauti yake ndiyo kubwa kuliko zote katika ripoti nzima. NO3 ni uzito wa nitrati nzima, nitrojeni pamoja na oksijeni yake. NO3-N ni uzito wa nitrojeni peke yake iliyomo ndani ya nitrati hiyo. Kugeuza NO3-N kuwa NO3, zidisha kwa 4.43.

Kikomo cha 45 katika KS EAS 12 ni cha nitrati nzima. Shirika la Afya Duniani linatumia 50, pia ya nitrati nzima. Ukitaka vikomo hivyo kwa nitrojeni peke yake, ni takriban 10 na 11. Sasa rudi kwenye mfano wetu: 24 × 4.43 = 106. Maabara ilipima vizuri kabisa, lakini ikaweka tarakimu ya nitrojeni kando ya kikomo cha nitrati nzima, na maji yaliyozidi kikomo yakaonekana salama.

Kwa hiyo usisome tarakimu ya nitrati bila kusoma jina lake. Likiwa NO3-N, au "nitrati kama N", kikomo chako ni 10. Likiwa NO3, au "nitrati kama NO3", kikomo ni 45. Ikiwa imeandikwa "nitrati" tupu, piga simu maabara uulize wameripoti kwa namna gani, kisha uwaombe waandike. Si swali la kuonea haya, na maabara yenye kibali cha KENAS, shirika la taifa la kuidhinisha maabara, kwa kipimo hicho italijibu mara moja.

Nitrati inamdhuru nani hasa?

Mtoto mchanga, hasa aliye chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Mwilini nitrati hugeuka nitriti, na nitriti huharibu uwezo wa damu wa kubeba oksijeni. Mtoto huanza kuwa na rangi ya kijivu au samawati kwenye midomo na kucha, analegea, anapumua kwa shida. Ukiona hivyo, ni hospitali wakati huohuo, na mweleze daktari kwamba mtoto amekuwa akitumia maji ya kisima.

Mtoto anayenyonya titi pekee yuko salama zaidi, kwa sababu nitrati anayokunywa mama haiongezeki sana katika maziwa yake. Watu wazima wenye afya huvumilia kiwango ambacho kingemlaza mtoto. Hata hivyo kwa mama mjamzito ningeshauri atafute maji mengine ya kunywa pale nitrati inapozidi kikomo, na kwa maji ya 106 ningeshauri hivyo kwa nyumba nzima.

Si nikichemsha inaisha?

Haiishi, inaongezeka. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini nitrati ni chumvi iliyoyeyuka na haipandi na mvuke. Ukichemsha lita tano hadi zikabaki nne, maji ya 106 yanakuwa 132. Mama anayechemsha maji kwa muda mrefu ili yawe salama zaidi kwa mtoto anamwongezea nitrati bila kujua, na hilo ndilo jambo ambalo ningetaka kila mzazi mwenye kisima kifupi alifahamu.

Klorini haiiondoi pia. Chujio la udongo, la mchanga, la mkaa, taa ya kuua vijidudu na shabu, vyote vinaipitisha kama ilivyo. Kinachoiondoa ni chujio la utando mwembamba linalosukuma maji kwa shinikizo, lile linaloandikwa RO, au chujio la resini lililotengenezwa mahususi kwa nitrati. Hata hayo yapimwe maji yake yakitoka, kwa sababu utando ukichakaa maji huendelea kuwa meupe na matamu kama kawaida.

Nitrati hii inatoka wapi? Choo chetu hakivuji.

Choo cha shimo hakihitaji kuvuja, maana kimejengwa ili majimaji yake yazame ardhini. Udongo unazuia bakteria wengi njiani na wengine hufa kabla ya kufika mbali. Mkojo na kinyesi vikioza, nitrojeni yake hugeuka nitrati, na nitrati haishikwi na udongo. Inasafiri na maji popote yaendapo. Ndiyo maana unaweza kupata kisima kisicho na E. coli hata moja lakini nitrati imejaa.

Kutambua chanzo, soma nitrati pamoja na kloridi. Mkojo wa binadamu una chumvi, kwa hiyo nitrati ya juu ikiandamana na kloridi iliyopanda kuliko visima vingine vya mtaa huo, shuku choo au tangi la maji taka. Nitrati ikiwa juu na kloridi ikiwa chini, tazama shamba, samadi na boma la ng'ombe. Katika mfano wetu kloridi ni 110 na E. coli zipo, na choo kiko mita 15 upande wa juu. Sioni sababu ya kutafuta mbali zaidi.

Ushauri wa kawaida ni kuacha angalau mita 30 kati ya kisima na choo, kisima kikiwa upande wa juu. Katika ploti za 50 kwa 100 hilo ni gumu, na hata ukifanikiwa kwako, choo cha jirani kinaweza kuwa mita tano kutoka ukutani.

Nitrati ni ndogo sana. Basi kisima hakina uchafu wa choo?

Si lazima. Nitrati hutokea pale penye hewa ardhini. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, kama ule wa upande wa Embakasi na Ruai, hewa inaweza kukosekana, na nitrojeni ikabaki kama amonia, au nitrati ikaliwa na bakteria wa ardhini. Tazama mistari ya amonia na nitriti. Ikiwa yoyote kati yake imepanda, kuna uchafu wa karibu au wa juzijuzi, hata kama nitrati ni <0.1.

Nitriti ina kikomo chake, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka 3 mg/L kama NO2. Zikiwepo zote mbili, gawanya nitrati kwa 50 na nitriti kwa 3, kisha jumlisha majibu. Ikizidi 1, maji yamezidi, hata kama kila moja peke yake ilipita.

## Ugumu

Ugumu wa 240 ni mbaya?

Kwa afya, hapana. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu, vitu ambavyo mwili unavihitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu. Kwa kawaida maji huitwa laini hadi 60, ya wastani hadi 120, magumu hadi 180, na magumu sana kuanzia hapo.

Gharama yake utaiona jikoni na bafuni. Sabuni haitoi povu haraka, birika linashika ukoko mweupe, na matundu ya shawa ya umeme yanaziba. Katika mfano wetu alkalini ni 160, na hiyo inakuambia kwamba kati ya ugumu wa 240, takriban 160 ndiyo inayoweza kuganda kama ukoko ukichemsha. Iliyobaki, 80, hukaa majini. Ule weupe unaoelea ndani ya birika ni kalsiamu iliyotoka kwenye maji, na kuinywa hakuna ubaya. Siki kidogo iliyolazwa usiku kwenye birika huondoa ukoko.

Na mawe kwenye figo?

Hofu hii ni kubwa mitaani, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba maji magumu ndiyo chanzo chake. Kunywa maji machache kuna lawama kubwa zaidi. Mtu ambaye tayari amewahi kupata mawe amuulize daktari wake, kwa kuwa mawe yana aina tofauti na kila moja ina masharti yake.

Nifunge mashine ya kulainisha maji?

Ikiwa shawa na mashine za kufua zinakula pesa, ni uamuzi wa kiuchumi na una maana. Jua tu kwamba mashine ya kawaida ya chumvi inabadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Kila 100 ya ugumu inayoondolewa inaongeza takriban 46 mg/L ya sodiamu. Kwa maji ya 240 hiyo ni kama 110 zaidi, na ikiwa ndani ya nyumba kuna mgonjwa wa presha, mfereji wa kunywa uachwe nje ya mashine. Tena hailengi nitrati wala haiondoi floridi, hata muuzaji akisema "inasafisha kila kitu".

## TDS

TDS inapima nini, na 620 ni nyingi?

Ni jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka ndani ya maji, bila kusema ni vitu gani. Chini ya 600 watu wengi huona ladha ni nzuri, na kupita 1000 wengi huanza kulalamika kuwa ni maji ya chumvi. 620 hainisumbui hata kidogo.

Kinachonisumbua ni kwamba ndani ya hiyo 620 mna 106 za nitrati, na TDS haiwezi kukuonyesha. Ni sawa na kupima uzito wa gunia lililofungwa: unajua kilo, hujui kama ndani ni mahindi au mawe. Kisima kirefu cha TDS 900 chenye kalsiamu na bikaboneti tu ni salama kuliko hiki cha 620.

Muuza chujio alichovya kikalamu, akapata 490. Maabara inasema 620. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Kikalamu hakipimi TDS. Kinapima upitishaji umeme, kisha kinazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, mara nyingi 0.5 au 0.7. Kwa maji yetu ya 980 µS/cm, cha kwanza kitaonyesha 490 na cha pili 686. Maabara inaweza kuyakausha maji na kupima kilichobaki, na hiyo ndiyo 620.

Kikalamu kina kazi moja nzuri: kufuatilia maji yaleyale. Kisima kilichozoea 490 kikiruka ghafla hadi 700, kuna kitu kimeingia, na ni wakati wa kupeleka sampuli. Kukitumia kuamua kama maji ni salama kunywa ni hatari, kwa sababu hakioni E. coli kabisa na hakitofautishi nitrati na kalsiamu.

## Floridi na visima virefu

Kisima chetu ni kirefu, maji ni laini na matamu, sabuni inatoa povu. Kuna haja ya kusoma zaidi?

Ipo, na hasa kwa sababu maji ni laini. Maji yanayokaa muda mrefu kwenye miamba ya volkano chini ya Nairobi mara nyingi huwa na sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floridi na kuigandisha. Ikikosekana, floridi hubaki huru majini. Basi ripoti yenye ugumu wa 20, TDS ya 480, nitrati <0.1 na E. coli sifuri, ambayo mtu angeiita safi kabisa, inaweza kuwa na floridi ya 4.2.

Kikomo ni 1.5. Juu ya hapo, watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani hadi karibu miaka minane, huweza kuota meno yenye madoa meupe au ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Mtu mzima meno yake hayabadiliki tena, ila akinywa maji yenye floridi nyingi zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo huweza kuathirika. Majani ya chai nayo yana floridi, hivyo nyumba inayokunywa chai asubuhi na jioni inaongeza juu ya ile ya maji.

Floridi, kama nitrati, haitoki kwa kuchemsha. Chujio la RO huipunguza sana, na pia chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambalo limetumika kwa miaka mingi upande wa Nakuru.

Kuna njia ya bei nafuu?

Changanya, na changanya maji ya kunywa na kupikia pekee. Maji ya mvua na yale ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayokuja kwa bomba yana floridi kidogo mno. Mtungi mmoja wa maji ya 4.2 ukichanganywa na mitatu ya mvua, unagawanya 4.2 kwa nne na kupata karibu 1.05.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa nitrati: mtungi mmoja wa maji ya 106 kwa miwili ya mvua ni takriban 35, ambayo iko chini ya 45. Baada ya kuchanganya bado lazima uchemshe au utie klorini, kwa sababu kuchanganya hakuui E. coli. Na kwa maziwa ya mtoto mchanga nisingechanganya, ningetumia maji mengine kabisa.

Tukichimba zaidi tutakimbia nitrati?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa sehemu ya juu ya kisima itazibwa vizuri kwa bomba na saruji ili maji ya juu yasiteremke kando yake. Lakini unaweza kutoka kwenye nitrati ukaingia kwenye floridi. Kabla ya kulipa, waombe wenye visima virefu vya jirani wakuonyeshe mstari wa floridi kwenye ripoti zao. Utahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

## Kuamini au kutoamini ripoti

Nitajuaje kama tarakimu zenyewe ni sahihi?

Hesabu mbili za haraka zinatosha. Kwanza, kalsiamu mara 2.5 jumlisha magnesiamu mara 4.1 inapaswa kukaribia ugumu. Katika mfano: 64 × 2.5 ni 160, na 19.5 × 4.1 ni 80, jumla 240. Pili, gawanya TDS kwa upitishaji umeme. 620 kwa 980 ni 0.63. Jibu likiwa kati ya 0.55 na 0.75, tulia. Likiwa 0.3 au 1.2, kuna kosa la kupima au la kunakili, na una haki ya kuomba warudie.

Sampuli ichukuliwe vipi?

Ya bakteria huchukuliwa kwa chupa iliyouawa vijidudu inayotolewa na maabara. Usiisuuze na usiguse mdomo wake kwa kidole. Acha pampu iendeshe dakika chache, jaza, weka kwenye kisanduku chenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Ikishindikana kabisa, isipite saa 24. Msongamano wa Mombasa Road ukikukuta na chupa ndani ya gari lenye joto, matokeo hayo hayatakuwa ya kisima chako tena.

Ya kemikali huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale na kujazwa hadi juu. Nayo ikae baridi, kwa kuwa bakteria wanaweza kubadilisha nitrati ikiwa njiani. Chukua kwenye kisima, si kwenye tangi. Ukitaka kujua hali ya tangi, hiyo ni sampuli nyingine.

## Hali zenye utata

E. coli ni sifuri lakini "koliformi jumla" ni 12. Ninywe?

Koliformi ni kundi la bakteria, na E. coli ya kinyesi ni mmoja wao. Koliformi nyingine huishi kwenye udongo na majani, kwa hiyo si ushahidi wa kinyesi. Ni ushahidi kwamba maji ya juu yanapata njia ya kuingia. Kagua mfuniko, saruji ya mdomo wa kisima na kamba ya ndoo, chemsha maji ya kunywa, kisha upime tena baada ya mvua kubwa.

Tulitia klorini kisimani, tukapima kesho yake, ikasoma sifuri.

Hapo umepima klorini, si kisima. Subiri hadi klorini iishe kabisa, wiki moja hadi mbili huku maji yakitumika, ndipo upime. Ikirudi juu, uchafu unaendelea kuingia.

Maabara mbili, wiki moja: ya kwanza nitrati 24, ya pili 98. Nilipe ya tatu?

Usilipe kabla ya kusoma majina ya vipimo. Ya kwanza ikiwa NO3-N, ni 106 kama NO3, na 106 dhidi ya 98 ni tofauti ya kawaida kati ya maabara mbili. Zimekubaliana: nitrati imezidi kikomo zaidi ya mara mbili. Zikiwa zote ni NO3, ndipo kuna tatizo la kweli, na sampuli moja igawanywe chupa mbili zipelekwe siku moja.

Mwenye nyumba ana ripoti ya miaka mitatu iliyopita. Inatosha?

Kwa floridi na ugumu wa kisima kirefu, inakaribia kutosha, kwa sababu vinatoka kwenye mwamba na hubadilika polepole. Kwa nitrati na E. coli haitoshi. Tazama tarehe ya kuchukua sampuli. Ikiwa ni Februari, katikati ya kiangazi, hujaona kisima katika hali yake mbaya zaidi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba husukuma uchafu wa juu kuelekea majini, na kipimo cha wakati huo ndicho cha kudai. Kama pesa ni chache, omba E. coli, nitrati na floridi pekee. Kama nyumbani kuna mtoto wa maziwa ya kopo, mtafutie maji mengine hadi matokeo yatoke.